Simu inayotambua sauti inakosa kilio cha mtoto usiku, ninunue ipi?

BabaKichanga: Wakuu, mimi na mke wangu sote ni viziwi, na tuna mtoto wa miezi minne. Kwenye simu nimewasha huduma ya kutambua sauti: kilio cha mtoto, kengele ya mlangoni na kengele ya moshi. Mchana haina shida, mtoto akilia simu inatetema na taa yake inamulika. Usiku inakosa mara nyingi. Simu ipi ina maikrofoni kali zaidi? Naombeni majibu mapema, nina haraka kidogo.

Mzee_wa_Busara: Mimi nasikia vizuri kabisa, ila mtoto akilia saa tisa usiku nakuwa kiziwi kuliko wewe 😂

DadaNuru: Nunua saa ya mkononi inayoungana na simu. Taarifa inakuja kwenye kifundo cha mkono, unaamka. Bibi yangu akilala huvua vifaa vyake vya kusikia, basi siku moja tulimgongea mlango mpaka majirani wakatoka, yeye usingizi mtamu...

FundiKengele: Saa inasaidia, lakini inatetema tu pale simu ilipokwisha kuisikia sauti. Ndugu, usiku simu unaiweka wapi?

BabaKichanga: Chini ya mto, ili mtetemo uniamshe. Mtoto yuko chumba cha pili, milango iko wazi.

FundiKengele: Basi maikrofoni haina kosa, umeifunika. Huduma hii inalinganisha sauti na mifano iliyomo ndani ya simu yenyewe, hata intaneti haihitaji, lakini lazima sauti iifikie ikiwa safi. Simu ikikaa karibu na mtoto itasikia ila haitakuamsha. Ikikaa chini ya kichwa chako, ni kinyume chake. Kifaa kinachosikia na kinachoamsha inabidi viwe viwili. Simu ya zamani ikae karibu na kitanda cha mtoto na iungane na saa uliyovaa, mradi umeijaribu saa hiyo ukiwa umelala kweli. Kama simu ni ya Android, iondolee programu hiyo vizuizi vya betri, kwa sababu simu nyingine huizima kimyakimya skrini ikikaa muda bila kuguswa. Angalia pia kama hali ya usingizi inazuia taarifa zake.

Shakashaka: Samahani, mimi hadithi hii siiamini. Kiziwi amejuaje kwamba simu "inakosa" kilio ambacho hata yeye hakukisikia? Huyu anatangaza biashara ya simu.

DadaNuru: Eh, hata mimi sasa najiuliza.

BabaKichanga: Nimejua kwa sababu mama mkwe yuko hapa na anasikia. Asubuhi anatuambia mtoto alilia saa ngapi, nasi tunalinganisha na orodha ya taarifa kwenye simu. Umeridhika?

FundiKengele: Anaondoka lini?

BabaKichanga: Jumamosi. Tumeshamwambia arudi kwake, tunataka kulea wenyewe. Na kabla hamjaniuliza, kile kitikisa kitanda cha kengele ya moshi nimeshakirudisha dukani. Simu inatambua moshi pia, sioni haja ya vitu viwili.

Mzee_wa_Busara: Kumfukuza mama mkwe ni laana.

MamaAliyelea: Hajamfukuza, mzee. Mimi pia ni kiziwi na nimelea wawili. Nilitumia kifaa cha mtoto chenye kitikisa chini ya godoro. Hakijui kilio ni nini, kinashtuka kwa kelele yoyote kubwa, hata mbwa. Niliamka bure mara nyingi, lakini kilio hakikunipita.

FundiKengele: Kilio kikikosekana, mtoto atalia tena. Moshi ni jambo jingine. Kengele nyingi za moshi zinalia kwa sauti nyembamba ya karibu hezi 3,100, milio mitatu kisha kimya kifupi. Hiyo ndiyo ruwaza simu inayoitafuta, na mto unaidhoofisha sana. Apple wenyewe wameandika kwamba huduma yao ya kutambua sauti, Sound Recognition, isitegemewe pale mtu anapoweza kudhurika wala katika dharura. Kitikisa kilichounganishwa na kengele kwa redio kinapata ishara moja kwa moja kutoka kwenye kengele, hakisikilizi chochote. Hebu mwombe mama mkwe abonyeze kitufe cha kujaribia cha kengele usiku wowote atakaochagua yeye, bila kukuambia.

BabaKichanga: Juzi mchana nilijaribu, simu ilitambua.

FundiKengele: Ilikuwa chini ya mto?

BabaKichanga: Mezani.

Shakashaka: 👀

BabaKichanga: Sawa, leo usiku atabonyeza. Ila Jumamosi anaondoka, hilo halibadiliki.

DadaNuru: Na kengele ya mlangoni je? Bibi yangu bado hafungui.