Naomba ushauri: ripoti ya uzoefu kwa ajili ya usajili wa uhandisi

Habari za kazi wakuu. Mimi ni mhandisi ujenzi mchanga, naandaa ripoti ya uzoefu ili niombe usajili wa kitaalamu. Rasimu ya kwanza msimamizi wangu kanirudishia. Kila sentensi ilianza na "tulisanifu", "tulisimamia", akaniuliza: wewe hapo ulifanya nini? Kweli, ilisomeka kama wasifu wa mradi.

Nimeandika upya sehemu ya ukuta wa kuzuia udongo wenye kimo cha mita 3. Nilipewa mchoro wa awali, kitako upana wa mita 1.5. Nikakokotoa msukumo wa udongo nikapata kilonewtoni 27 kwa kila mita ya ukuta, huku msuguano chini ya kitako ukiwa 33 tu. Uwiano ni 1.2, na tulitakiwa kufikia angalau 1.5, maana yake ukuta ungeweza kuteleza. Nilipendekeza kitako kiongezwe sentimita 35 upande wa nyuma, ili udongo unaokaa juu yake uongeze uzito. Uwiano ukapanda hadi karibu 1.6. Msimamizi akakagua hesabu, akasaini.

Sasa nimekwama hapa. Yeye ndiye aliyesaini, je, naruhusiwa kuandika "niliamua", au niseme "nilipendekeza, akaidhinisha"? Naogopa kujikweza, na pia naogopa wakaguzi waone sijawahi kubeba uamuzi wowote. Na hesabu zenyewe niziweke ndani ya maelezo au kwenye kiambatisho? Waliowahi kukaa upande wa kusaili, naombeni mnielekeze.