Naomba ushauri: kea plani mbili za mtoto mmoja mwenye nimonia, nani apate maksi zaidi?

Nesi_wodi_ya_watoto
Wakuu habari za jioni. Mimi ni nesi, mwaka huu ndo nimeanza kusimamia wanafunzi wa diploma wodini na hii ni mara yangu ya kwanza kusahihisha kea plani, sasa nimegongana na mwenzangu naombeni mnisaidie.

Mtoto ni mmoja, miezi 18, kilo 9.5, nimonia kali. Siku anaingia alikuwa anapumua mara 58 kwa dakika, kifua kinabonyea kwa chini, saturesheni 86 bila oksijeni, joto 38.9, uji anaukataa. Mwanafunzi wa kwanza kaandika homa tatizo namba moja, kupumua namba mbili, lishe namba tatu. Lengo la kupumua ni "mtoto atapumua vizuri", intavenshen ni "mpe oksijeni, fuatilia vaito saini, mpe dawa kama alivyoandikiwa", halafu ivaluesheni kwenye matatizo yote matatu ni sentensi ileile, "lengo limefikiwa, hali ya mtoto ni nzuri". Mwandiko msafi, kurasa zimejaa.

Wa pili kaanza na kupumua. Lengo lake: ndani ya saa 24 saturesheni 90 au zaidi bila oksijeni na pumzi chini ya 40. Ivaluesheni kaandika, "lengo limefikiwa kwa sehemu, saturesheni 95 akiwa na oksijeni lita 1, ilipotolewa ikashuka hadi 87 akarudishiwa, pumzi 48, kifua bado kinabonyea kidogo, tuendelee na oksijeni, tujaribu tena kesho asubuhi". Ila asesmenti yake ni fupi, hakuuliza mtoto anakula nini wala kakojoa mara ngapi.

Mwongozo wetu ni maksi 10 kila sehemu, asesmenti, mpangilio wa matatizo, intavenshen, ivaluesheni, jumla 40. Mwenzangu kampa wa kwanza 33 na wa pili 24, anasema wa pili malengo yake hayakufikiwa. Mimi naona kinyume lakini sina hoja ya kumjibu, yeye ana miaka mingi kazini.

Kanula_Kijani
Mbona rahisi, ni ABC tu. Njia ya hewa, kupumua, mzunguko wa damu. Aliyeweka homa juu ya kupumua mpe sifuri kwenye mpangilio yaishe. Na tatizo lolote la "yuko hatarini" linakaa mwisho siku zote, tatizo lililopo linatangulia.

mama_wawili
Samahani jamani wangu ana miezi 7 anakohoa na anapumua haraka haraka tangu jana, ni dawa gani hiyo mlimpa huyo mtoto

Kanula_Kijani
@mama_wawili dada usimpe dawa ya kubahatisha. Mvue nguo umwangalie kifua akiwa ametulia, mhesabie pumzi dakika nzima, kwa miezi 7 ikifika 50 ni haraka. Kikibonyea chini ya mbavu au anashindwa kunyonya usisubiri kukuche, nenda naye kituo cha afya sasa hivi. Hata kama habonyei, kama kweli anapumua haraka tangu jana anatakiwa aonwe leo.

Tyuta_mstaafu
Mwanangu, mimi kea plani nilikuwa naisoma kutoka nyuma. Naanza na ivaluesheni, nauliza inajibu lengo gani, kisha lengo hilo nalitafutia kipimo chake kwenye asesmenti. Kama asesmenti ilisema pumzi 58 na saturesheni 86, basi namba hizohizo ndo zinatakiwa zirudi mwisho, zikiwa na saa na zikisema mtoto alikuwa na oksijeni au hana, maana 95 akiwa na lita 1 na 95 bila kitu ni watoto wawili tofauti. Wa kwanza ukimsoma hivyo hana cha kushika. "Atapumua vizuri" unaipimaje?

Mwenzako anachanganya kitu kimoja. Maksi za ivaluesheni ni za mwanafunzi kupima na kuamua, si za mtoto kupona. Nimonia kali mara nyingi haiishi ndani ya saa 24, kwa hiyo aliyeandika limefikiwa kwa sehemu akasema na hatua inayofuata kafanya kazi ya unesi yote. Ukimkata kwa hilo mwaka kesho darasa zima litaandika "lengo limefikiwa".

Fungua chati ya mtoto uweke pembeni ya hizo karatasi. Na muulize huyo wa pili nani alitoa oksijeni, maana kumjaribu mtoto bila oksijeni hakufanywi na mwanafunzi peke yake, na mtoto anatakiwa awe ametulia kwanza.

@Kanula_Kijani kupumua kwanza uko sahihi, ila sifuri hapana. Homa inaongeza pumzi na inakula oksijeni, huenda mwanafunzi aliwaza hivyo, mwite akueleze. Akijieleza vizuri mpe 4 au 5, asipoweza mpe 2. Na hilo la "hatarini mwisho siku zote" si kweli. Mtoto anayepumua 58 halafu mama anamlazimisha uji, hatari ya kupaliwa naiweka juu ya lishe bila kusita.

Mwaka_wa_tatu
Mimi naumia nikisoma hapa. Mgonjwa wangu wa kea plani alifariki usiku wa pili, asubuhi nikakuta kitanda kitupu. Ivaluesheni nikaiacha wazi nikapewa 1 kati ya 10. Nilitakiwa niandike nini?

Tyuta_mstaafu
Pole sana binti. Ungeandika hadi pale ulipofika, kipimo chako cha mwisho, saa ngapi, lengo lilikuwa limebaki wapi, kisha alifariki saa fulani kwa mujibu wa faili. Ila mtu alitakiwa akae na wewe chini kabla ya kukudai karatasi.

Nesi_wodi_ya_watoto
Nashukuru sana mzee wangu. Nimetoka wodini sasa hivi. Yule wa kwanza ivaluesheni yake ni ya saa 8 mchana, na chati ya saa 8 hiyohiyo inaonyesha mtoto yuko kwenye oksijeni lita 2, pumzi 54. Yaani "hali ni nzuri" ameandika mbele ya mtoto anayehangaika, na kama nesi wa zamu ya usiku angeisoma angeweza kulegeza macho. Wa pili oksijeni ilitolewa na nesi wa zamu, yeye alikuwa amesimama na mashine ya saturesheni, na iko kwenye chati. Intavenshen yake nimeirudia kusoma nikaona kaandika "safisha pua kwa maji ya chumvi kabla ya kurudisha mpira wa oksijeni, mama amkalishe mapajani akiwa wima", vitu ambavyo kweli nilimkuta anavifanya.

Nimempa wa kwanza 6, 4, 4, 1 jumla 15, wa pili 4, 9, 8, 9 jumla 30. Asesmenti nimemkata kwa sababu mtoto anayekataa uji bila kuulizwa mkojo ni pengo kubwa, upungufu wa maji ungempita.

Kanula_Kijani
Sawa nimekubali la sifuri. Ila hapo kwenye mpangilio 9 mi ningekata. Pumzi chini ya 40 bila oksijeni ndani ya saa 24 kwa mtoto wa 58, hilo lengo halikuwa la kweli tangu mwanzo.

Tyuta_mstaafu
Lengo kubwa mno nalikata 1 kwenye intavenshen, wengine wanakata kwenye mpangilio. Mwongozo wenu unasemaje?

Nesi_wodi_ya_watoto
Hausemi kitu mzee. Kesho nakaa na mwenzangu na chati mezani, hilo nitamuuliza.