Tarehe za Mzee Salim Ahmed Salim: tovuti yake au magazeti?

MwalimuWaMbagala
Wakuu, heshima kwenu. Natengeneza bango la historia kwa wanafunzi wangu wa kidato cha tatu, safari ya kazi ya Mzee Salim. Upande mmoja nina tovuti yake, upande mwingine vipande vya magazeti. Nimekwama kwenye OAU, ule Umoja wa Nchi Huru za Afrika: sehemu moja nimekuta alikuwa Katibu Mkuu tangu Julai 1989, sehemu nyingine Septemba 1989. Nimwamini nani?

KijanaWaUbungo
Tovuti yake, mwalimu. Mwenye maisha ndiye ayajuaye. Alilelewa vipi Zanzibar, aliupokeaje ubalozi wa Kairo mwaka 1964 akiwa na miaka 22, hayo mwandishi wa habari atayatoa wapi? Yeye kasimuliwa tu, tena anakimbizana na saa ya gazeti kwenda mtamboni.

BiHidaya
Haya ya tarehe yamenikuta mimi, wanangu. Barua yangu ya ajira ilikuwa ya Machi, nikaripoti Juni kwa sababu nilikuwa nimejifungua. Nilipostaafu wakahesabu kuanzia Juni. Miezi ile nimeifuatilia mpaka miguu ikavimba. Usichukulie tarehe kirahisi, mwalimu.

KaraniMstaafu
Bi Hidaya amegusa penyewe. Mwalimu, tarehe zako hazigombani. Julai 1989 wakuu wa nchi walimchagua Addis Ababa, Septemba akaingia ofisini. Gazeti la Julai liliandika habari ya siku yake. Kwenye bango andika "alichaguliwa" au "alianza kazi", usiache neno tupu "alikuwa".

Mtego huohuo upo mwaka 1984. Sokoine alifariki kwa ajali tarehe 12 Aprili, Salim akawa Waziri Mkuu tarehe 24 Aprili. Kuna siku kumi na mbili hapo katikati, na anayeandika "alimrithi Sokoine alipofariki" anazimeza. Akatoka tarehe 5 Novemba 1985, siku Mwinyi alipoingia Ikulu, Warioba akawa Waziri Mkuu. Baada ya hapo Salim alikuwa Naibu Waziri Mkuu na Waziri wa Ulinzi hadi alipokwenda OAU. Kipande hiki ndicho wasifu mfupi huruka, na mwanafunzi akadhani alitoka uwaziri mkuu moja kwa moja kwenda Addis.

KijanaWaUbungo
Shikamoo mzee, nimekuelewa. Lakini tovuti na gazeti vikisema jambo moja, si ndiyo tayari mashahidi wawili?

KaraniMstaafu
Marahaba. Inategemea gazeti ni la lini. Gazeti la Aprili 1984 ni shahidi, kwa sababu lilichapwa kabla hatujajua neno tovuti. Makala ya mwaka huu mara nyingi imenyonya kwenye tovuti ileile, kwa hiyo hapo una shahidi mmoja aliyevaa kanzu mbili. Utaijua ukiziweka sambamba: vyeo vimepangwa kwa mfuatano uleule, sentensi zinafanana, na kilichorukwa huku kimerukwa na kule. Nenda Maktaba Kuu, Barabara ya Bibi Titi, uliza majalada ya *Daily News* na *Uhuru* ya mwezi unaoutaka.

Tovuti isome kwa alichokiona na alichokiwaza mwenyewe. Na ikiwa na picha ya barua au hati ya wakati ule, ipe hati hiyo uzito kuliko maelezo yaliyoandikwa chini yake.

MpembaKariakoo
Na 1981 je? Marekani ilimzuia kwa kura ya turufu asiwe Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Hilo liko wazi.

KaraniMstaafu
Linajulikana, ila angalia limejulikanaje. Baraza la Usalama lilipiga kura za siri ndani ya kikao cha faragha, mara kumi na sita, China nayo ikimzuia Waldheim, Katibu Mkuu wa wakati ule aliyetaka kuendelea. Desemba akapita Pérez de Cuéllar. Magazeti yalipata habari kwa mabalozi waliotoka chumbani, na Salim naye hakuwa na karatasi ya kura mkononi. Hapo tovuti na gazeti vyote vinategemea masikio ya watu.

MpembaKariakoo
Basi na ile ya kucheza ukumbini New York, tarehe 25 Oktoba 1971, China ya Beijing ilipopewa kiti? Marehemu baba alikuwa akiisimulia kwa fahari kubwa, kwamba Salim alicheza.

KaraniMstaafu
Habari iliyoenea ni kwamba wajumbe wa Tanzania walicheza. Wajumbe ni wengi, Salim ni mmoja wao. Kumtaja yeye kwa jina kunataka picha au filamu ya ukumbi inayomwonyesha.

MpembaKariakoo
Mzee, balozi wetu alikuwa yeye. Baba hakuitunga.

MwalimuWaMbagala
Asanteni sana. OAU nimeshaigawa mistari miwili. Ya 1971 nitaandika "wajumbe wa Tanzania", Mpemba unisamehe. Jumamosi niko Maktaba Kuu na wanafunzi wanne kutafuta ile Aprili 1984. Mzee Karani, *Mzalendo* la Jumapili linafungwa jalada moja na *Uhuru*, au niombe peke yake?