Nyinyi mnaogeuza gari katikati ya Barabara ya Naivasha, mnatutafutia nini?

Mama Mikate:
Leo nitaongea. Asubuhi natoka Dagoretti Corner naelekea Kawangware, gari limejaa mikate, nyuma yangu matatu imeniganda kama kawaida yao. Namaliza kona tu hivi, Probox imekaa mshazari barabarani. Pua iko kwenye mtaro wa upande ule, nyuma iko upande huu, na dereva anasokota usukani kama hana haraka na dunia. Indiketa hakuna, hazadi hakuna. Hatua chache mbele yake ni kivuko cha miguu, na watoto wa shule wameshaanza kuvuka kwa sababu wameona magari ya upande wao yamesimama.

Nilikanyaga breki, trei zote za nyuma zikaja mbele. Ile matatu ikaona isingoje, ikatoka kushoto ikapanda njia ya wanaotembea. Mama mmoja wa mboga aliruka na beseni lake. Hakuumia mtu, lakini hiyo ni rehema ya Mungu, si akili ya dereva.

Nikashusha kioo nikamuuliza, "Kaka, hapa ndipo pa kugeuzia gari?" Akanijibu, "Kwani umeona kibao?" Jibu hilo ndilo limenileta hapa. Kwa hiyo serikali ipande kibao kila hatua tano ndipo mtu ajue haruhusiwi kugeuza kwenye kona? Anayejua atuambie wapi ni marufuku, na mtu akishapita alikokuwa anaenda afanyeje.

Kanuni ni Kanuni:
Pole mama, lakini huyo jamaa ana hoja. Kibao cha kukataza kipo, kile cha duara jekundu chenye mshale uliokunjwa na mstari umeukata. Kama hakipo, tazama mstari wa katikati. Ukiwa umekatika-katika, anaruhusiwa. Ukiwa mmoja usiokatika, amekosa. Wa hapo ulikuwa upi?

Mama Mikate:
Mstari gani? Rangi ilishafutika. Hapo ni lami na vumbi tu.

Boda wa Congo:
Nyinyi wenye magari mna shida nyingi. Mimi nageuza popote, sekunde mbili nimeondoka. Barabara pana hivi mtu anashindwaje?

Mwalimu wa L:
Nimefundisha watu kuendesha katika jiji hili tangu wengi wenu mkiwa shule ya msingi, na swali la kibao huwa la kwanza darasani. Kanuni, nusu ya ulichosema ni kweli: kibao na mstari usiokatika vinakataza, hapo hakuna mjadala. Kosa ni kudhani visipokuwepo umeruhusiwa. Kuna mahali panakataza penyewe: kwenye kona, karibu na kilele cha mwinuko, juu ya daraja, kwenye kivuko cha miguu au karibu nacho, kwenye reli, kwenye barabara ya upande mmoja. Huwezi kuona anayekuja, naye hawezi kukuona, au kuna watu ambao hawakutarajii hapo. Probox ya mama ilikuwa na makosa mawili mahali pamoja, kona na kivuko. Mstari hata ungekuwepo, tena uwe wa kukatika-katika, usingemwokoa.

Sasa nimjibu kijana wa boda, maana ameuliza swali zuri bila kujua. Barabara pana hivi mtu anashindwaje? Barabara ya leni mbili, moja kwenda na moja kurudi, lami yake ni kama mita 7. Gari dogo kama Probox likikunja usukani mpaka mwisho linahitaji karibu mita 10 kumaliza duara. Halitoshi. Kwa hiyo haligeuki mara moja. Linakwenda mbele mpaka ukingoni, linarudi nyuma, halafu linakwenda mbele tena. Hapo katikati ndipo mama alipolikuta.

Dereva mzuri, asiyetetemeka, anamaliza hayo kwa sekunde 20 hivi. Anayezima gari katikati huwa anazidi hapo. Anayekuja kwa kilomita 50 kwa saa, na hiyo ndiyo ya juu kabisa mjini, anakula karibu mita 14 kila sekunde. Zidisha na 20, unapata mita 280. Kabla hujakunja usukani unatakiwa uone barabara tupu karibu mita 300 mbele na mita 300 nyuma. Kutoka kwenye ile kona ya Barabara ya Naivasha unaona mita ngapi? Na nani anakimbia 50 pale?

Kanuni ni Kanuni:
Mwalimu, kwa hesabu hiyo hakuna mahali Nairobi mtu anaweza kugeuza.

Mwalimu wa L:
Barabarani kwenyewe mchana, karibu hakuna. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi: usigeuze barabara, geuka nje ya barabara.

Pole Pole Mjini:
Samahanini, mimi nina yangu ya haraka. Juzi niligeuza kwenye taa katikati ya jiji, taa ilikuwa kijani kabisa, trafiki akanisimamisha akaniandikia. Anasema kibao kilikuwepo. Nikiangalia vizuri naona kweli kipo, nyuma ya matawi ya mti. Niende kortini nikasema nini? Faini ni ngapi?

Kanuni ni Kanuni:
Kutotii kibao ni shilingi 3,000 kwa zile kanuni za makosa madogo za 2016. Na ile matatu ya mama iliyopanda njia ya miguu ni 5,000. Piga picha ya matawi uende nayo.

Mwalimu wa L:
Picha piga, lakini usiitegemee sana. Kijani kinakuambia uende, hakikuambii urudi ulikotoka. Ukigeuza kwenye taa, wanaovuka kwa miguu barabara uliyotoka wanakuwa mbele ya boneti yako, nao hawakutarajii. Katikati ya jiji zunguka jengo: kushoto, kushoto, kushoto tena, ukichunga mitaa ya upande mmoja. Au nenda hadi raundabauti. Raundabauti ndiyo mahali pa kugeuzia palipojengwa kwa kazi hiyo, na haikudai uwe na macho ya mita 300. Unampisha anayetoka kulia, unaingia, unazunguka, unarudi.

Mama Mikate:
Pole Pole, pole, lakini fungua uzi wako, mimi bado nina hasira. Mwalimu, raundabauti sawa. Kwenye Barabara ya Naivasha sina raundabauti ya karibu. Kama mimi ndiye nimepita duka la mteja, nifanyeje?

Mwalimu wa L:
Usisimame, usipunguze mwendo ghafla. Umeshapita, basi umeshapita. Endelea mpaka upate njia ya kuingilia upande wako wa kushoto, mtaa au kituo cha mafuta chenye nafasi. Unaingia kwa mbele, huku indiketa ya kushoto imewashwa mapema ili matatu ya nyuma ijue. Unageuzia huko ndani, ambako anayepita ni mkokoteni na kuku. Halafu unatoka tena kwa mbele, pua ikiwa barabarani, macho yako yakiwa mbele ya gari. Unangoja nafasi, unapinda kulia.

Ninachokataa ni kuingia kwa mbele halafu kutoka kinyumenyume. Ukirudi nyuma kutoka mtaa mdogo kuingia barabara kubwa, nyuma ya gari inafika barabarani kabla ya macho yako. Watu wengi hufanya hivyo kwenye lango la mtu kwa sababu ni rahisi. Kama nafasi ya ndani haitoshi kugeuza, tafuta nyingine. Na tazama ardhi. Kando ya barabara zetu kuna murami iliyolika na mtaro usio na kifuniko, na gurudumu likitumbukia pale umeziba barabara mpaka winchi ije.

Boda wa Congo:
Hapo kwenye kupinda kulia mwalimu hujasema kitu. Nyinyi mnaangalia mbele tu, sisi tuko kulia kwenu tunawapita. Mwezi uliopita rafiki yangu aliingia mlangoni mwa gari hivyo hivyo.

Mwalimu wa L:
Umenishinda, hilo ni kweli kabisa. Kioo cha kulia, halafu geuza shingo utazame begani, kwa sababu kioo hakioni boda aliyeko ubavuni. Lakini na wewe, mwenye gari akiwasha indiketa ya kulia usimpite kwa kulia.

Boda wa Congo:
Kama amewasha. Sasa hivi wangapi wanawasha?

Shikilia Usukani:
Mimi niko na lori la tani kumi, naona mnaongea Probox tu. Barabara mbili zenye ukingo katikati, kama Ngong au Jogoo, zile nafasi zilizoachwa kwenye ukingo ni za nini kama si za kugeuzia? Zimejengwa na serikali. Mimi nageuza pale.

Mwalimu wa L:
Nafasi isiyo na kibao cha kukataza mtu anaweza kuitumia, sikatai. Lakini kabla hujaingia pima kitu kimoja: gari lako likisimama pale kungoja, linaenea lote? Probox ina mita 4 na kidogo. Ukingo ukiwa mwembamba kuliko hapo, mkia wake unabaki kwenye leni ya kasi uliyotoka, na anayekuja nyuma anakutana nao. Lori lako halienei popote. Tena sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo unatoka leni ya kasi unaingia leni ya kasi ya upande wa pili, ukiwa na mwendo wa mtu anayetembea. Mtu akija kwa 80 anakula mita 22 kwa sekunde. Lori lililobeba mzigo linachukua sekunde ngapi kunyooka?

Shikilia Usukani:
Nyingi. Lakini nikikosa kugeuza pale natembea kilomita kadhaa kutafuta pa kuzungukia, na dizeli nanunua mwenyewe. Tena kwenye raundabauti nyingine mkia wa lori unapanda kingo.

Mwalimu wa L:
Barabara ya Thika huwezi kufanya hivyo, huko unapanda daraja la makutano na kurudi upande wa pili, na hakuna anayelalamika dizeli.

Shikilia Usukani:
Wanaolalamika wapo, wewe hukai nao. Na usiku wa manane, barabara tupu, nafasi iko wazi, taa za magari naziona kutoka mbali?

Mwalimu wa L:
Usiku unaona taa za wenye taa. Mkokoteni, boda iliyozima taa na mtu anayevuka huwaoni, na ubavu wa lori lako likiwa mshazari hauna taa za kuonekana na mwenzako. Mimi nisingegeuza. Lakini najua utageuza.

Shikilia Usukani:
Nitageuza. Nitabandika vimulimuli ubavuni.

Mama Mikate:
Nimesoma yote. Bado nataka yule wa Probox apatikane. Trei sita za mikate zimebondeka na mteja wangu amekataa kuzichukua. Mwenye kujua gari la fedha lenye stika ya samaki kwenye kioo cha nyuma, linazunguka Congo ya Kawangware asubuhi, amwambie aingie hapa asome.

Pole Pole Mjini:
Mimi kwenye korti nitavaa suti au nguo za kawaida tu?