Simu imepotea, nimekaa siku kadhaa bila kutoa taarifa kazini, nimepewa barua ya kujieleza. Naombeni ushauri

Kijana wa Chuno
Habari za jioni wakuu. Mimi ni mtunza stoo kwenye kampuni binafsi hapa Mtwara mjini, nina mwaka wa tatu na mkataba wa kudumu. Nilienda msibani Newala, huko nikapoteza simu. Namba zote zilikuwa kwenye simu, kichwani sina hata moja ya ofisini. Nimerudi leo asubuhi na kukuta barua mezani inanitaka nijieleze kwa maandishi ndani ya saa 48 kwa nini sikuonekana kazini. Nimeandika mara tatu na kuchana. Niielezeje hii ya simu ili waielewe? Nina watoto wawili na kodi inaisha mwezi huu. Msinicheke.

Bi Mikindani
Pole na msiba mwanangu. Ndiyo maana mimi namba za muhimu naziandika nyuma ya kitambulisho cha kura. Mwaka juzi simu yangu ilitumbukia kisimani nikichota maji, nikakaa wiki nzima wateja wangu wa samaki hawanipati. Mzigo wa changu nikauuza kwa hasara pale feri. Nunua kidaftari, ni shilingi 500 tu.

Mwalimu Mmwera
Siku tano bila taarifa kazi huna, hakuna cha kujieleza. Kwetu mwalimu mwenzetu aliondoka hivyohivyo. Omba radhi mapema ulipwe chako uondoke kwa heshima.

Afisa Mstaafu Lindi
Mwalimu, wewe ni mtumishi wa umma na una taratibu zako. Huyu yuko sekta binafsi, anasimamiwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 na kanuni za utendaji bora za 2007. Zile kanuni zinataja kutokuwepo kazini kwa zaidi ya siku tano za kazi, bila ruhusa au bila sababu inayokubalika, kuwa kosa linaloweza kumfukuzisha mtu. Soma hapo penye "zaidi ya" na penye "sababu".

Kijana, umetuandikia "siku kadhaa". Andika siku moja moja. Nani amefariki? Uliomba ruhusa? Uliipata ya siku ngapi?

Kijana wa Chuno
Asante mzee. Aliyefariki ni mjomba, kaka wa mama. Ijumaa usiku nilipigiwa, Jumamosi asubuhi nikampigia bosi, akanipa Jumatatu na Jumanne. Simu nikaipoteza Jumapili. Kijiji chetu kiko bondeni, ukitoka Newala unashuka ule mteremko mkali kuelekea Ruvuma. Nilikuwa nyuma ya bodaboda nimepakata madumu mawili ya maji, simu nimeiweka mfuko wa shati. Tulipofika chini nikajipapasa, haipo. Tulipanda tena kwa miguu hadi giza tukiipiga kwa simu ya dereva. Iliita mara mbili kisha ikazimwa. Kazini nimeripoti leo Jumatano.

Afisa Mstaafu Lindi
Basi ulitakiwa urudi Jumatano ya wiki iliyopita. Hesabu ni Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumatatu, Jumanne. Hizo tano. Jumamosi ikiwa ni siku yako ya kazi zinakuwa sita, na hapo umeshavuka mstari. Mkataba unasemaje kuhusu Jumamosi?

Jambo la pili, na hili ndilo linalokufanya uchane karatasi. Simu kupotea kunaeleza kwa nini hukupiga. Hakuelezi kwa nini hukuwepo. Msiba uliisha, ruhusa ikaisha Jumanne, miguu ipo na basi lipo. Ulibaki kufanya nini?

Kijana wa Chuno
Jumamosi tunakwenda kwa zamu. Hiyo haikuwa zamu yangu.

Nilibaki kwa kikao cha ukoo. Mjomba ameacha shamba la mikorosho na watoto wake wanataka kuligawa, wajomba wengine hawakubali. Mimi ndiye mpwa mkubwa. Kwetu Wamakonde mpwa hawezi kuondoka kikao hakijafungwa, mtu wa kusini atanielewa. Nilidhani ni siku moja, kikaenda hadi Jumatatu. Ila nikiandika shamba la mikorosho wataona nimeacha kazi kwa tamaa ya mali.

Mpwa wa Tandahimba
Nakuelewa mno. Mimi nilikaa siku kumi na moja kwa kikao kama hicho na mikorosho sikupata hata mche. Kaka, kama mjomba hakuandika chochote, hakikisheni mwenyekiti wa kijiji anaweka muhtasari, na msimu ujao asiuze mtu korosho kwa jina la marehemu kule chama cha msingi kabla hamjakubaliana. Ugomvi wa shamba unaanzia kwenye stakabadhi.

Bi Mikindani
Lakini si msiba huo? Sheria inatoa siku nne za msiba, nilimsikia mtu redioni. Hizo nne zitolewe, inabaki moja tu.

Afisa Mstaafu Lindi
Siku nne zenye malipo zipo kweli, Bi Mikindani, ila sheria imewataja watu: mtoto, mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Mjomba hayumo. Najua kwetu huku mjomba ana uzito kuliko baba, nami ni mtu wa huku, lakini hawezi kudai mjomba kama haki. Anaweza kumweleza mwajiri kama sababu ya kibinadamu. Hizo mbili alizopewa zilikuwa za hisani.

Nahodha wa Shangani
Ngoja kwanza. Hii hadithi mimi inanikwaza. Huna namba hata moja kichwani, hata ya mkeo? Newala nzima hakuna mtu wa kutoka kwenda Mtwara akapeleka salamu? Mabasi ya kupita Tandahimba na Nanyamba yapo kila siku. Jina lako limefunguliwa jana. Na mwaka jana kuna mtu alileta uzi kama huu akasema ni Masasi, tukamchangia ushauri kurasa nne, akaja kusema anatunga mchezo wa redio. Wakuu msipoteze muda.

Mpwa wa Tandahimba
Hata mimi nimeanza kushangaa. Madumu ya maji unayatoa wapi kwenda wapi? Bondeni kuna maji, shida ya maji iko juu.

Kijana wa Chuno
Madumu yalikuwa ya bomba, ya kupikia na kunywa wageni wa msibani, maana yale ya visima vya bondeni wazee wenyewe hawayapendi. Situngi. Jina nimefungua jana kwa sababu la zamani lilikuwa kwenye simu na nywila siikumbuki.

Namba ya mke wangu naikumbuka. Alhamisi nilimpigia kwa simu ya jirani. Nilimwambia aende ofisini. Akaenda Ijumaa asubuhi, akaongea na mlinzi getini.

Nahodha wa Shangani
Aseme nini?

Kijana wa Chuno
Nilimwambia aseme naumwa.

Na hapa ndipo nilipokwama. Shemeji yangu yuko zahanati moja, ameshaniandikia cheti cha mapumziko kuanzia Jumatano ile hadi jana, malaria kali. Ninacho. Naona ni bora nikipeleke, kwa sababu neno la kuumwa limeshafika ofisini. Nikigeuka sasa nitaonekana mwongo, na mke wangu pia. Na ugonjwa una siku nyingi kisheria. Nilitaka tu mnisaidie hiyo ya simu iendane na cheti.

Mwalimu Mmwera
Ulitukalisha hapa tangu jioni kwa hilo! Mwogope Mungu kijana, marehemu hata hajafikisha arobaini.

Afisa Mstaafu Lindi
Mwalimu, mwache. Ni vizuri amesema kabla hajakipeleka.

Sikiliza. Miaka niliyokaa meza ya utumishi vyeti vya namna hii nimevishika vingi. Mwajiri hana haja ya kubishana nawe. Anaandika barua kwa zahanati kuuliza kama jina lako limo kwenye rejesta siku hiyo, nani alikupima na kipimo kilisoma nini. Cheti kinasema ulikuwa Mtwara Jumatano, wewe ulikuwa Newala, na bosi anajua ulienda Newala maana yeye ndiye aliyekuruhusu. Hapo kosa lako linaacha kuwa utoro wa siku tano. Linakuwa udanganyifu na kughushi, ambao hauhitaji siku sita wala tano, na shemeji naye anaponza kazi yake.

Kwa upande mwingine, umesahau kwamba safari ya mkeo inakusaidia. Umekaa ukisema hukutoa taarifa. Ulitoa, Ijumaa, siku ya tatu, ingawa taarifa yenyewe haikuwa ya kweli. Mlinzi ana daftari. Kaangalie kama aliandikwa.

Barua iwe fupi, ukurasa mmoja. Ningeiandika hivi: "Nilipewa ruhusa ya Jumatatu na Jumanne kwa msiba wa mjomba wangu. Sikurudi Jumatano kwa kuwa kikao cha familia kuhusu mali ya marehemu kiliendelea hadi Jumatatu, nami nilitakiwa kuwepo. Nilipaswa kuomba nyongeza ya ruhusa na sikufanya hivyo. Simu yangu ilipotea Jumapili na sikuwa na namba za ofisi. Siku ya Ijumaa mke wangu alileta taarifa getini kuwa naumwa. Taarifa hiyo haikuwa sahihi, nilimtuma mimi, naomba radhi." Halafu ambatanisha barua ya mtendaji wa kijiji kuhusu msiba na kikao, taarifa ya polisi ya upotevu wa simu, na ratiba ya zamu za Jumamosi. Laini uliirudisha lini?

Kijana wa Chuno
Jana, Newala mjini, kwa alama za vidole. Karatasi ya wakala ninayo. Polisi sijaenda.

Afisa Mstaafu Lindi
Nenda leo, na uwape tarehe ya kweli ya kupotea. Ripoti itaonyesha umetoa taarifa siku nyingi baadaye, usiifiche hiyo. Ya wakala itaonyesha laini ilirudi jana.

Barua ya kujieleza si hukumu. Wakitaka kuendelea wanapaswa kukuita kwenye kikao cha nidhamu, wakupe muda usiopungua saa 48 wa kujiandaa, na una haki ya kuingia na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama. Wakikufukuza na ukaona wamekosea, unayo siku 30 za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Nahodha wa Shangani
Mzee, samahani, umempa matumaini mengi. Siku tano ni tano, bosi mwenye hasira anaweza kusema kukiri kudanganya getini ni kosa jingine. Mimi ningenyamaza kuhusu getini.

Afisa Mstaafu Lindi
Anaweza kusema hivyo, sikatai. Lakini mlinzi atasema kabla yako. Katika hili mimi na wewe tutatofautiana.

Kijana wa Chuno (siku ya pili)
Nimemrudishia shemeji cheti chake. Amekasirika, anasema nimemwona mjinga. Polisi nimeenda. Barua nimeipeleka mchana kama mzee alivyoandika, na ya getini nimeiweka. Afisa utumishi ameisoma nimesimama, hakusema kitu, akagonga muhuri wa kupokea.

Nikitoka nikaomba kuliona daftari la getini. Mke wangu yumo, Ijumaa, saa 3:10 asubuhi, kwa mwandiko wa mlinzi: "mke wa mtunza stoo, mume mgonjwa, simu imepotea". Nimepiga picha kwa simu ya kuazima. Kikao cha nidhamu kimepangwa Jumanne. Wa kuingia naye bado sijampata, wawili niliowaomba wamesema wana watoto.