Bosi wa awamu tatu: kila awamu mbinu yake, au zijumlishwe?

kijana_wa_feri: Wakuu, gemu langu ni la simu na bosi ni pweza mkubwa aliyevamia soko la Feri. Kabla ya kumfikia, mchezaji ameshajua kuruka mkono unaofagia chini, kuchomoka kwa kasi kukwepa wino, na kurudisha pipa analotupiwa. Sasa, kila awamu ipime mbinu moja, au ya kwanza iwe kuruka, ya pili iongeze wino, ya tatu iwe zote?

bibi_fremu: Zijumlishe, mdogo wangu. Ukizitenganisha, awamu ya tatu itakuwa mtihani wa pipa tu, na kuruka kutakuwa kumesahaulika. Ila awamu ya pili ianze na wino peke yake, mara mbili hivi, ndipo mkono urudi. Vivyo hivyo na pipa.

chuma_tmk: Mnajisumbua. Acha mashambulizi yaleyale, punguza muda wa ishara inayotangulia shambulizi. Bosi anakuwa mgumu, kazi imeisha.

bibi_fremu: Inafanya kazi mpaka mahali, kaka. Mtu kuona na kubonyeza ni kama robo sekunde, na kioo cha simu nacho kina uchelewaji wake. Ishara ya sekunde 0.8 ikishuka hadi 0.6, sawa. Ikishuka hadi 0.3, mchezaji anabahatisha. Mimi hubana nafasi kati ya shambulizi na shambulizi, ishara naiacha karibu ilivyo.

Kijana, kuruka na kuchomoka umeviweka upande gani?

kijana_wa_feri: Vyote kulia, dada. Kidole gumba kimoja.

bibi_fremu: Basi hapo ndipo awamu ya tatu itakapokufia. Mkono na wino vikifika pamoja, gumba haliwezi kubonyeza mara mbili, na mchezaji atakufa huku mbinu anaijua. Achanisha kwa sekunde 0.4, kisha ujaribu kwenye simu ya bei nafuu, siyo kwenye kompyuta.

mzee_wa_pikseli: Wangu ana damu 5000 na watu wanasema anachosha. Nimpunguzie?

chuma_tmk: Mzee, hapa tunaongelea awamu. Ila kijana, angalia damu pia: kama awamu zinabadilika ikibaki 66 na 33 kati ya 100, pigo moja linalopunguza 40 linaweza kuruka awamu nzima. Igandishe damu kwenye mpaka hadi awamu mpya ianze.

bibi_fremu: Hapo umenena. Wakati wa majaribio, andika kila kifo: awamu gani, kwa shambulizi gani. Awamu ya tatu wakifa kwa pipa, hawakulijua tangu mwanzo, rudi ukarekebishe leveli iliyolifundisha. Wakifa kwa mkono waliokuwa wakiuruka vizuri, mchanganyiko wako ndio mbovu.

kijana_wa_feri: Nimeelewa. Na akifa awamu ya tatu, aanzie hapohapo?

chuma_tmk: Aanze upya. Bosi ni bosi.

bibi_fremu: Mtu anacheza ndani ya daladala, anashuka Mwenge, wewe unamrudisha mwanzo? Mimi ningemwanzishia hapohapo.

chuma_tmk: Basi huyo siyo bosi tena.