Video ya kujitambulisha kwenye maombi ya kazi: Drive, YouTube au niiambatanishe?

Kijana_wa_Mbagala
Wakuu, naomba kazi ya huduma kwa wateja, ofisi iko Posta. Tangazo linataka barua pepe yenye wasifu na kiungo cha video fupi ya kujitambulisha. Nimejirekodi kwa simu dakika moja na nusu, faili limetoka MB 140. Niiweke wapi? Na kwenye barua niieleze kwa mstari mmoja au aya nzima?

MamaKigamboni
Iambatanishe tu mdogo wangu. Wanaiona hapo hapo, hakuna kuhangaika.

Fundi_Sinza
Dada, MB 140 haiambatani. Gmail mwisho wake MB 25. Ikizidi, inaipeleka yenyewe Drive na kukuwekea kiungo.

Sasa Drive ndipo watu wanapoumia. Faili ukilipandisha linakaa `Restricted`. Wewe unaliona vizuri kwa sababu ni lako, mwenzio anakutana na ukurasa wa kuomba ruhusa. Niliwahi kupitia maombi ofisini kwetu. Video za namna hiyo tuliziruka, nani akae kusubiri ruhusa? Bonyeza `Share`, kwenye `General access` chagua `Anyone with the link`, acha `Viewer`.

YouTube mimi naipendelea, maana mtandao ukilegea inashusha ubora na kuendelea kucheza. Weka `Unlisted`: haitokei mtu akitafuta. Usiweke `Private`, hiyo inawafungukia uliowaalika kwa akaunti zao tu.

Mjuba_Tegeta
Zoom usiiamini kijana. Mimi umeme ulikatika katikati ya usaili, basi tena.

Kijana_wa_Mbagala
Mzee wangu, huu sio usaili, natuma video niliyokwisharekodi 😅

Bi_Mikocheni
Kuna ofisi zimefunga YouTube kwenye mtandao wao. Mimi ningebaki Drive.

Fundi_Sinza
Kweli zipo, na ukiwa nje huwezi kujua. Kuhusu maelezo, aya nzima hawasomi. Wanataka kujua ni ndefu kiasi gani, ina nini, na itafunguka bila usumbufu. Mfano:

"Wasifu wangu nimeuambatanisha. Pia nimeweka video ya sekunde 90: najitambulisha, kisha naeleza nilivyomhudumia mteja aliyecheleweshewa mzigo. Inafunguka bila kuingia kwenye akaunti yoyote:"

Kiungo kikae mstari wake peke yake. Na la muhimu usiweke kwenye video tu, liwepo kwenye wasifu pia, maana kuna watakaosoma bila kubonyeza.

MamaKigamboni
Haya, nimejifunza. Ila sekunde 90 si nyingi? Mimi ningeishia 60.

Kijana_wa_Mbagala
Nimeweka Drive, nikampa jirani kiungo afungue kwenye simu yake. Ikaandika `You need access`. Kumbe nilinakili kiungo tu nikadhani ndiyo ruhusa yenyewe, huku `General access` bado ni `Restricted`. Narekebisha, halafu namgongea tena.